Je, Wajua? Bando Linavyoliwa Simu Ikiwa Mezani

Je, wajua kwamba simu yako huchagua kufanya kazi nzito pale unapoiweka kando? Play Store, duka la programu la Google, huangalia kama kuna masasisho takriban mara moja kwa siku. Likiyakuta, kwa kawaida halianzi kuyashusha papo hapo. Husubiri simu iwe kwenye chaji, iwe haitumiwi, na programu inayohusika iwe haijafunguliwa. Kwa mtu anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni na betri imekwisha, masharti hayo hutimia dakika chache baada ya kuchomeka chaja. Kuna sharti la nne, nalo ndilo linalolinda mfuko wako: simu iwe kwenye Wi-Fi. Ila mtu akiingia kwenye mipangilio ya duka hilo na kuchagua "Over any network", sharti hilo huondoka, na masasisho huanza kupita kwenye bando.

Na je, wajua kwa nini watu hulalamikia intaneti ya jioni hata kwenye mtaa wenye mnara mzuri? Ni kweli kwamba jioni watu wengi huutumia mnara mmoja kwa wakati mmoja. Lakini sehemu ya kasi hupotea ndani ya simu yenyewe kabla mawimbi hayajaufikia mnara, na sehemu hiyo unaweza kuirudisha leo kwa vidole vyako, bila kumpigia mtoa huduma.

Je, wajua simu huitambuaje programu inayokula data usipoitazama? Kila programu unayoisakinisha kwenye Android hupewa namba yake ya utambulisho ndani ya mfumo. Kila pakiti ya data inayotoka au kuingia huhesabiwa chini ya namba hiyo, na hesabu hugawanywa mara mbili: iliyotumika programu ikiwa wazi mbele yako, na iliyotumika ikiwa nyuma au kioo kikiwa kimezimwa. Hesabu hii hufanywa na kiini cha mfumo, si na programu yenyewe, kwa hiyo programu haina nafasi ya kujipunguzia deni. Ukitaka kuiona, fungua Settings, ingia Network & internet, chagua laini yako chini ya SIMs, kisha App data usage. Kwenye simu za Samsung njia huanzia Connections, halafu Data usage. Gusa jina la programu yoyote na utaona mistari miwili: Foreground na Background. Mstari wa pili ndio mada yetu yote.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo natamani kila mwenye simu alijue.

Je, wajua kwamba simu haijui bei ya bando lako, wala haijui kama bando ni la siku au la mwezi? Inachojiuliza ni swali moja tu: mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, au haulipiwi kwa kipimo? Android huuita wa kwanza "metered" na wa pili "unmetered". Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu. Mtandao ukiwa wa kipimo, programu nyingi huahirisha kazi kubwa: nakala za picha, masasisho, ramani za kuhifadhi, vipindi vya sauti vya kusikiliza baadaye. Usipokuwa wa kipimo, kazi zote hizo huachiwa zipite kwa pamoja.

Data ya laini huhesabiwa kuwa ya kipimo tangu mwanzo. Wi-Fi huhesabiwa kuwa si ya kipimo. Hapo ndipo wengi wetu Afrika Mashariki tunapoumia, kwa sababu Wi-Fi yetu mara nyingi ni kile kiruta kidogo cha mfukoni chenye laini ndani yake, ambacho madukani huitwa MiFi, au ni mtandaopepe uliofunguliwa kwenye simu ya ndugu. Simu inaona neno Wi-Fi, inaamini imefika mahali pasipo na kipimo, na inaanza kushusha kila ilichokuwa imekiahirisha tangu asubuhi. Bando la GB 5 lililotiwa kwenye kiruta hicho kwa matumizi ya juma zima linaweza kuisha siku ya pili, na hakuna mtu aliyetazama hata filamu moja.

Simu mbili za Android zikiunganishwa, hatari hii hupungua. Simu inayotoa mtandaopepe huiarifu inayopokea, wakati wa kuunganishwa, kwamba mtandao huu ni wa kipimo, na ile ya pili hujizuia yenyewe. Kiruta cha mfukoni kwa kawaida hakitoi taarifa hiyo. Kwa hiyo uiambie simu kwa mkono wako. Ukiwa umeunganishwa nacho, fungua Settings, Network & internet, Internet, gusa alama ya mipangilio pembeni ya jina la Wi-Fi hiyo, tafuta Network usage au Metered, kisha badilisha kutoka "Detect automatically" hadi "Treat as metered". Utafanya hivyo mara moja tu kwa kila kiruta, kwani simu hukumbuka. Na kuanzia hapo, vizuizi vya data ya chinichini vya mfumo tutakavyovitaja huko mbele vitafanya kazi kwenye Wi-Fi hiyo vilevile kama vinavyofanya kwenye laini. Asiyejua hili huwasha kila kizuizi, kisha hushangaa kwamba bando la kiruta linaendelea kuyeyuka.

Kompyuta yenye Windows ina mwenendo uleule, tena kwa mafaili makubwa zaidi. Kwenye Settings, Network & internet, Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao uliounganishwa na uwashe "Metered connection". Windows itaahirisha masasisho mengi, ingawa yale ya dharura bado inaweza kuyashusha.

Je, wajua kwamba kinachoua kasi zaidi mara nyingi si kile kinachoshuka kwenye simu, bali kinachopanda?

Hili linahitaji maelezo kidogo. Unapofungua ukurasa, data hushuka kwako kutoka mbali, lakini simu yako nayo hutuma kila mara vithibitisho vidogo vya kusema "nimepokea, endelea". Vithibitisho hivyo visipofika, upande wa pili hupunguza mwendo, maana haujui kama data inafika. Njia ya kupanda kwenye mtandao wa simu huwa nyembamba kuliko ya kushuka. Programu moja ikianza kupakia video chinichini, hujaza foleni ya kutoka, na vithibitisho hulazimika kusubiri nyuma ya video hiyo. Matokeo yake ni kwamba ukurasa unakuwa mzito hata kama njia ya kushuka ina nafasi tele.

Tufanye hesabu ya jioni moja. Tuchukue simu yenye bando la GB 2, mahali ambapo kwa wakati huo kasi ya kushuka ni megabiti 4 kwa sekunde na ya kupanda ni megabiti 1. Mwenye simu amerudi kutoka harusini na video moja ya MB 90. Hifadhi yake ya picha imeruhusiwa kutumia data ya laini, na Play Store imewekwa "Over any network". Amechomeka chaja. Masasisho ya programu nne, jumla MB 240, yanaanza kushuka. Video nayo inaanza kupanda.

Baiti moja ni biti nane. Video ya MB 90 ni megabiti 720, na kwa megabiti 1 kwa sekunde itachukua sekunde 720, yaani dakika 12. Masasisho ya MB 240 ni megabiti 1,920, na kwa megabiti 4 kwa sekunde yangechukua dakika 8 yakiwa peke yake. Sasa mwenye simu anaichukua kusoma habari. Ukurasa wa MB 3 ungefunguka kwa sekunde 6 kama njia ingekuwa tupu. Ukigawana nusu kwa nusu na masasisho, unafika sekunde 12. Lakini kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu lazima kwanza iulize anwani ya tovuti, ipige hodi, ikubaliane juu ya usiri, kisha ndipo iombe ukurasa. Hizo ni safari tatu au nne za kwenda na kurudi. Kwa kawaida kila safari huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde. Foleni ya kutoka ikiwa imeshikilia kilobaiti 200 za video, ambazo kwa kasi ile huhitaji sekunde 1.6 kutoka, kila safari husubiri muda huo. Mara nne ni zaidi ya sekunde 6 za kutazama kioo cheupe, kabla hata ya zile 12.

Mwenye simu ataona sekunde karibu 20 na atasema mtandao ni mbovu. Baada ya dakika 15, MB 330 zimeondoka kwenye bando, karibu sehemu moja ya sita, na alizozitaka yeye ni zile 3 tu za ukurasa wa habari, ambazo hata hazimo kwenye hesabu hiyo.

Wajua utatofautishaje jambo hili na mnara uliolemewa? Kuna jaribio rahisi. Fungua ukurasa mmoja usioufungua mara kwa mara na uangalie unachukua muda gani. Washa Data Saver, ambayo kwenye simu iliyowekwa Kiswahili huitwa Kiokoa Data. Subiri kidogo, halafu fungua ukurasa mwingine wa tovuti ileile. Kizuizi hiki hukata matumizi ya chinichini papo hapo, hata ya kazi iliyokuwa katikati. Mambo yakifunguka ghafla, tatizo lilikuwa ndani ya simu. Yasipobadilika, na mstari wa Background wa programu zako hauna ongezeko la maana, basi ni mnara, au kifurushi chako kimefikia kiwango ambacho mtoa huduma hupunguza kasi. Hapo hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia, ni kusubiri au kuhama mahali.

Simu nyingi za Tecno, Infinix na Xiaomi hurahisisha zaidi. Kwenye mipangilio ya upau wa juu kuna swichi ya kuonyesha kasi ya intaneti ya wakati huohuo. Iwashe. Funga kila kitu, weka simu mezani kioo kikiwa kinawaka, na utazame namba ile. Ikipanda mamia ya kilobaiti kwa sekunde na kubaki huko, kuna programu inafanya kazi ambayo hukuiagiza.

Je, wajua Data Saver ilianza lini? Ilikuja na Android 7, mwaka 2016. Simu yoyote iliyotoka na toleo hilo au la baadaye karibu hakika inayo, na kwenye nyingi unaweza kuiweka kwenye vile vitufe vya haraka vinavyoshuka ukivuta kioo kutoka juu. Njia ndefu ni Settings, Network & internet, Data Saver.

Kazi yake ni mbili. Kwanza, hufunga mlango wa data kwa kila programu iliyo chinichini, mradi mtandao ni wa kipimo. Pili, huziambia programu zilizo wazi kwamba mwenye simu anabana matumizi, nazo zinatakiwa zipunguze, kwa mfano kwa kutoonyesha picha hadi uiguse. Ile ya kwanza ni amri, na programu haiwezi kuikaidi. Ya pili ni ombi tu. Programu iliyoandikwa kwa uangalifu hulisikiliza, na nyingine hupuuza. Ndiyo maana mtu huwasha Data Saver, akakaa saa nzima akitelezesha video fupi, kisha akasema kizuizi hakifanyi kazi. Kimefanya kazi yake. Programu uliyoifungua mwenyewe ipo mbele yako na ina ruhusa yako kamili. Dawa yake iko ndani ya programu hiyo, kwenye mpangilio wa kupunguza ubora wa video au kuzuia video kujicheza.

Muziki unaousikiliza kioo kikiwa kimezimwa nao kwa kawaida huendelea, pamoja na ramani inayokuelekeza njia. Programu za namna hiyo huweka arifa ya kudumu juu ya kioo kuonyesha ziko kazini, na mfumo huzihesabu kama zilizo mbele yako.

Huduma za USSD kama *150*00# hazipiti kwenye data kabisa, kwa hiyo Data Saver haizigusi, wala haigusi simu za kawaida na meseji.

Je, wajua kwamba kuna programu ambazo ni kosa kuzizuia? Fikiria dereva wa bodaboda anayepokea abiria kupitia programu. Anapoegesha kijiweni na kuweka simu mfukoni, programu ile lazima iendelee kuzungumza na mtandao, la sivyo ombi la abiria linampita. Vivyo hivyo kwa anayesubiri ujumbe wa WhatsApp kutoka wodini au kutoka kwa mteja: akiwasha kizuizi, ujumbe unaweza kuchelewa mpaka afungue programu mwenyewe, ndipo uingie kwa mkupuo. Watu wengi huzima Data Saver moja kwa moja kwa sababu hiyo, na kwa kufanya hivyo huzifungulia njia programu nyingine 60 kwa ajili ya 2.

Hakuna haja. Ndani ya ukurasa uleule wa Data Saver kuna orodha ya "Unrestricted data". Washa pale programu mbili au tatu ambazo kuchelewa kwake kunakugharimu kazi au utulivu wa moyo, na uache nyingine zote zimefungwa. Kwenye simu nyingi utakuta huduma za Google Play tayari zimeruhusiwa, na uziache hivyohivyo, kwani arifa za programu nyingine hupitia kwao. Ila hakikisha duka lenyewe, Play Store, halimo kwenye orodha ile.

Wajua tofauti ya orodha hiyo na kizuizi cha programu mojamoja? Data Saver hufunga zote kisha unachagua za kuachia. Kizuizi cha mojamoja hufanya kinyume: zote ziko huru, nawe unachagua za kufunga. Fungua Settings, Apps, chagua programu, ingia Mobile data & Wi-Fi, na uzime "Background data". Programu hiyo haitatumia tena mtandao wa kipimo ikiwa nyuma, Data Saver iwe imewashwa au imezimwa. Njia hii humfaa mtu ambaye simu yake kwa jumla ina adabu, isipokuwa programu tatu. Na kwa hesabu ninazoziona kwenye simu za watu wanaoniomba niwatazamie, mara nyingi huwa ni tatu kweli: duka la programu, hifadhi ya picha, na mtandao mmoja wa kijamii wenye video.

iPhone ni tofauti kidogo. Kuanzia iOS 13 ya mwaka 2019 kuna Low Data Mode, chini ya mipangilio ya data ya laini, na unaweza kuiwasha pia kwa Wi-Fi mojamoja, jambo linalofaa sana kwa kiruta cha mfukoni. Kupumzisha kazi za nyuma kuna ukurasa wake: General, kisha Background App Refresh, ambako unaweza kuchagua Wi-Fi peke yake. Orodha ya programu kwenye ukurasa wa data ya laini ina swichi kwa kila programu, lakini tahadhari: swichi ile huikata programu na data ya laini kabisa, hata ukiifungua mwenyewe. Mtu huizima akidhani anazuia ya chinichini tu, halafu wiki inayofuata programu inamwambia hakuna intaneti.

Je, wajua kwamba kuzima masasisho yote si uamuzi mzuri hata kwa mwenye bando dogo? Mwishoni mwa mwaka 2016 Google walieleza mbinu mpya ya Play Store: badala ya kushusha programu nzima upya, simu hushusha zile sehemu zilizobadilika tu, kisha huliunganisha faili ndani ya simu. Kwa wastani sasisho lilipungua kwa asilimia 65, na wakati mwingine kwa zaidi ya 90. Lakini kuunganisha kule huchosha kichakataji cha simu, kwa hiyo walipoianzisha waliiweka kwa masasisho ya kujiendesha peke yake, yanayofanyika simu ikiwa imetulia. Aliyekuwa akibonyeza "Update" kwa mkono hakupata punguzo hilo. Ongeza kwamba masasisho huziba mianya ya usalama, na programu za benki hukataa kabisa kufunguka zikiwa za zamani mno, mara nyingi mtu akiwa kaunta akitaka kulipa. Mpangilio ninaoutetea ni "Over Wi-Fi only", halafu uipeleke simu kwenye Wi-Fi ya kweli mara moja kwa juma, ofisini, chuoni au kwa jirani mwenye nyaya za faiba, ukiwa umeichomeka chaja na kuiacha itulie. Masharti yale ya mwanzo yatatimia na kazi itaisha.

Na WhatsApp? Ingia Settings ya WhatsApp yenyewe, Storage and data. Chini ya Media auto-download kuna orodha tatu: ya data ya laini, ya Wi-Fi, na ya ukiwa nje ya nchi. Kwa aliyejiunga na makundi manne ya harusi na moja la ukoo, orodha ya kwanza iwe tupu. Ujumbe wa sauti utaendelea kujishusha wenyewe, nao ni mwepisi. Kumbuka kwamba kiruta cha mfukoni kitasomwa kwenye orodha ya Wi-Fi, ambayo kwa kawaida huwa imeruhusu video pia, kwa hiyo nayo ipunguze. Kisha nenda Chats, Chat backup, na uzime ruhusa ya kuweka nakala kwa data ya laini. Nakala ile hupanda, haishuki, na tumeona kupanda kunavyoiharibu kasi.

Wajua kwamba kikomo cha data hakiongezi kasi? Ukurasa wa "Data warning & limit" una vitu viwili. Onyo hukuarifu ukifikia kiwango ulichokiandika, kisha maisha yanaendelea. Kikomo huzima data yote ya laini ukikifikia, ya mbele na ya nyuma. Ni kinga nzuri dhidi ya kutozwa salio la kawaida bando likiisha, ila kiweke chini kidogo ya ukubwa wa bando, kwa sababu hesabu ya simu na ya mtoa huduma hazilingani kikamilifu, na ya mtoa huduma ndiyo inayokata. Kwa bando la GB 2, weka kikomo GB 1.9. Ukubali pia kwamba kinahesabu kwa mzunguko wa mwezi. Mwenye kununua bando la siku kila asubuhi hakitamfaa sana.

Je, wajua kwamba Data Saver ikiwa imewashwa, Android hukataa kufungua mtandaopepe? Swichi hufifia na haigusiki. Watu hudhani simu imeharibika, wanaizima na kuiwasha bila mafanikio. Ukitaka kumgawia mwenzako mtandao, lazima kwanza uzime Data Saver, na papo hapo programu zote zilizokuwa zikisubiri upande wako huamka na kugombania njia ileile na mgeni wako. Kwa mtu anayegawa mtandao mara kwa mara, mwanafunzi mwenye laptopu hosteli au fundi anayemrushia mteja faili, inafaa kutumia vizuizi vyote viwili kwa pamoja: Data Saver kwa siku za kawaida, na juu yake "Background data" izimwe kwa zile programu tatu nzito. Data Saver ikizimwa kwa ajili ya mtandaopepe, zile tatu hubaki zimefungwa, na karibu kasi yote iliyopo huenda kwa laptopu iliyounganishwa.